Robo Nne, Mistari Minne: Kusoma Slaidi ya SWOT ya Meza za Mahamri Likoni

Slaidi ya SWOT ina sheria nyingi kuliko sura yake inavyoonyesha. Mstari mmoja unashuka, mwingine unaukatiza, na ukurasa unagawika robo nne: Nguvu, Udhaifu, Fursa na Vitisho. Umbo hili lilienea kutoka vyuo na makampuni ya Marekani miaka ya 1960. Leo limo katika mipango mikakati ya taasisi za serikali ya Kenya, katika kazi za wanafunzi wa biashara, na katika maombi ya mikopo ya vikundi vya wanawake na vijana kutoka Changamwe hadi Likoni. Kwa kuwa limezoeleka, watu hulijaza bila kulisoma. Wakishalijaza, maneno ya robo moja hushuka juu ya maneno ya robo nyingine, na lawama huangukia kompyuta.

Hoja yangu ni kwamba maneno yanayopandana kwenye skrini kwa kawaida yalikwisha kupandana katika fikira kabla kompyuta haijawashwa. Ukiyatenganisha kwa maana, nafasi hutosha. Na kwa anayeandika Kiswahili, kipimo cha kutenganisha maana kimo ndani ya sarufi yenyewe, katika silabi moja ya mwanzo wa kitenzi.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini mahali pake pawe pa kweli. Kikundi cha wanawake kinauza mahamri na viazi karai upande wa Likoni, karibu na kivuko cha feri. Kinaomba mkopo wa Hazina ya Uwezo, ambayo huvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba. Mwanakikundi aliyesomea biashara ameombwa atengeneze slaidi moja ya kuonyesha kamati. Ameandika hivi:

NGUVU
- Tunashirikiana vizuri na tuna umoja
- Wateja wengi sana wanaopita kwenye feri kila siku
- Uzoefu wa muda mrefu katika biashara ya vitafunio
- Chakula kitamu, safi na cha bei nafuu

UDHAIFU
- Ukosefu wa mtaji
- Ukosefu wa jokofu
- Meza kuondolewa na kaunti
- Mvua za masika

FURSA
- Mkopo wa serikali usio na riba
- Kununua jokofu
- Wateja wengi wa feri
- Kupanua biashara mpaka Kisauni

VITISHO
- Ukosefu wa mtaji wa kutosha
- Ushindani mkali
- Meza kuondolewa wakati wowote
- Wateja kupungua

Hakuna hata neno moja la uongo hapa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye semina ya ujasiriamali ataitambua slaidi hii na pengine ataipigia makofi. Lakini tuisome polepole.

Vitu vilivyokaa robo mbili

Wateja wa feri wametokea mara mbili, katika Nguvu na katika Fursa. Mtaji nao umetokea mara mbili, katika Udhaifu na katika Vitisho. Jokofu limetokea mara mbili vilevile, mara ya kwanza kama pengo na mara ya pili kama ndoto. Kuondolewa kwa meza kumo Udhaifu, kisha kumo Vitisho kwa maneno mengine kidogo. Vifungu ni kumi na sita, ila ukihesabu mambo yenyewe hayafiki hata kumi na matatu.

Marudio haya yanatokana na kusahau kile ambacho mistari miwili ya slaidi inasema. Mstari wa wima unatenganisha kinachosaidia, upande wa kushoto, na kinachodhuru, upande wa kulia. Mstari wa mlalo unatenganisha kilicho ndani ya kikundi, juu, na kilicho nje yake, chini. Kila kifungu hujibu maswali mawili kwa pamoja: kinasaidia au kinadhuru, na ni chetu au si chetu. Swali la kwanza kila mtu hulijibu bila shida. La pili ndilo linalorukwa, na ukilitazama jedwali hapo juu utaona kwamba mambo yote manne yaliyojirudia yamejirudia kwa kuvuka mstari wa mlalo. Hakuna hata moja lililovuka mstari wa wima peke yake.

Kwa hiyo kazi ya mhariri wa slaidi hii iko kwenye mstari wa mlalo. Na hapo ndipo Kiswahili kinaposaidia.

Kipimo cha "tu-"

Chukua kila kifungu ukijaribu kukifanya sentensi inayoanza kwa nafsi ya kwanza wingi, wakati uliopo: tunafanya nini, tuna nini, hatuna nini, chetu ni kipi. Kikikubali, mahali pake ni safu ya juu. Kikikataa kabisa, mahali pake ni safu ya chini, ambako watendaji ni wengine: kaunti, mvua, soko, abiria. Na kikikubali kwa wakati ujao tu, hakina mahali kwenye slaidi hii.

Jaribu "Kununua jokofu". Huwezi kusema "tunanunua jokofu", kwa sababu hamjalinunua. Unaweza kusema "tutanunua jokofu". Basi huo ni mpango. Fursa ni jambo lililoko nje tayari, liwe limetumika au halijatumika; mpango ni jambo ambalo halitakuwako mpaka ninyi mlifanye. "Kupanua biashara mpaka Kisauni" ni hivyo hivyo. Vifungu viwili kati ya vinne vya robo ya Fursa vinaondoka kwa kipimo cha wakati peke yake, na vinahamia slaidi inayofuata, ile ya mapendekezo.

"Mvua za masika" hazikubali "tu-" kwa namna yoyote. Hazinyeshi kwa ajili ya kikundi, zinanyeshea kivuko kizima. Zimewekwa katika Udhaifu kwa sababu zinaumiza, na mwandishi amechanganya kuumizwa na kuwa dhaifu. Kilicho cha kikundi ni kwamba meza zao hazina turubai. "Meza kuondolewa na kaunti" nayo haikubali, maana mwenye kuondoa ametajwa na si wao. Mahali pake ni Vitisho, mara moja tu.

Sasa "Wateja wengi". Hapa kipimo kinadanganya, kwa sababu mtu anaweza kusema "tuna wateja wengi" na sentensi ikasimama. Kitenzi "tuna" humeza kila kitu: tuna bahari, tuna serikali, tuna mvua. Kwa hiyo kila penye "tuna" huongezwa swali moja: kikundi kikivunjika kesho, jambo hili litabaki? Kwa miaka mingi kivuko cha Likoni kimetajwa kuwa hupitisha zaidi ya watu 300,000 na magari takriban 6,000 kwa siku, na waendao kwa miguu huvuka bila nauli. Kikundi kikivunjika kesho, umati huo utashuka kwenye feri vilevile. Ni Fursa. Lakini meza nne za kikundi na daftari lake la mauzo havitabaki vikiwa na maana. Ni Nguvu.

Limebaki "Ukosefu wa mtaji", kifungu kinachopatikana karibu katika kila SWOT ya kikundi cha mkopo. Kinapita kipimo cha "tu-", kwani "hatuna mtaji" ni sentensi sahihi. Tatizo lake ni la namna nyingine. Neno "ukosefu" hutaja dawa na kuiita ugonjwa. Kamati inajua mnataka pesa, ndiyo maana mmekuja. Inachotaka kujua ni kwa nini kikundi kinachouza kila siku tangu alfajiri hakina akiba. Muulize mweka hazina, naye atakujibu kwa vitenzi: faida yote tunagawana Ijumaa; unga tunanunua dukani kwa kilo mbili mbili. Hivyo ni vifungu viwili vya Udhaifu, vyote vina "tu-", vyote vinaweza kurekebishwa, na vyote viwili vinaeleza lile pengo ambalo "ukosefu" ulilitaja tu. Kila uonapo "ukosefu wa" kwenye slaidi, uliza ni tendo gani linalouzaa, kisha andika tendo hilo.

Tazama pia faida ya sarufi kwa nafasi. Wengi huamini kifungu kifupi lazima kiwe cha nomino tupu: "ununuzi wa unga kwa bei ya rejareja". Lakini katika Kiswahili kitenzi kimoja kimebeba mtenda, wakati na tendo. "Tunanunua unga kwa rejareja" ni herufi 27 pamoja na nafasi za kati, wakati kile cha nomino kina 35, na bado hakikusema nani ananunua. Kauli ya kutendwa nayo, kama "unga hununuliwa", ni fupi lakini inamficha mnunuzi. Katika safu ya juu, ambayo kazi yake yote ni kusema "hiki ni chetu", kumficha mwenyewe ni kuifuta nusu ya maana ya robo.

Robo inapimwaje

Sasa twende kwenye vipimo, maana hata maneno mazuri yakizidi nafasi yatapandana. Slaidi pana ya kawaida kwenye PowerPoint ina upana wa sentimita 33.87 na kimo cha 19.05. Acha sentimita moja kila pembeni, mbili kwa kichwa cha slaidi, na nusu sentimita kati ya robo na robo na chini ya kichwa. Kinachobaki kwa kila robo ni upana wa sentimita 15.7 hivi na kimo cha 7.

Ukubwa wa herufi uamuliwe na chumba. Ukumbini, mchana, projekta ikipigana na mwanga wa madirishani, chini ya pointi 24 watu wa nyuma hawasomi. Mstari mmoja wa pointi 24 hula kimo cha takriban sentimita 1, mbali na mwanya wa robo sentimita hivi kabla ya kifungu kinachofuata. Toa jina la robo na ukingo wa juu na chini, utabaki na sentimita 5.3. Humo huingia mistari minne. Kwa upana, herufi moja ya kawaida huchukua takriban nusu ya ukubwa wake, kwa hiyo ukitoa ukingo na nukta ya orodha mstari mmoja hubeba herufi 34, nafasi za kati zikiwemo.

Basi kanuni ya robo ni mistari minne ya herufi 34. Nashauri itumike mitatu na wa nne uwe wa akiba, ili kifungu kimoja kikivunjika kwenda mstari wa pili kisimguse jirani.

Irudie slaidi ya kwanza kwa kipimo hiki. Vifungu vinne vya Nguvu vyote vinazidi herufi 34, hata kile cha umoja, ambacho kimezidi kwa moja tu. Kila kimoja kinavunjika, na mistari minne inakuwa minane. Minane hula takriban sentimita 9 pahali pa 5.3. Zaidi ya sentimita 3 na nusu za sifa zinamwagika nje ya robo, na kwa kuwa chini ya Nguvu iko Fursa, "Chakula kitamu, safi na cha bei nafuu" kinaishia juu ya "Mkopo wa serikali usio na riba". Robo nyingine tatu zimetosha. Iliyofurika ni ile ya kujisifu peke yake, na kati ya vifungu vyake vinne hakuna hata kimoja chenye jambo la kuhesabika. Umoja, uzoefu na utamu ni maneno ambayo meza ya jirani ingeweza kuyaandika vilevile bila kubadilisha herufi.

Programu inapojifanya kusaidia

PowerPoint ina mpangilio uitwao `Shrink text on overflow`. Ukiwashwa, maneno yakizidi herufi hupunguzwa mpaka zitoshe. Watu huupenda kwa sababu kupandana kunaisha. Lakini tazama unachofanya kwenye mfano wetu: herufi za Nguvu hushuka hadi pointi 18 hivi, huku za Udhaifu na Vitisho zikibaki 24. Jicho la mjumbe wa kamati husoma herufi kubwa kwanza. Programu imeusogeza "Ukosefu wa mtaji" mbele na kuurudisha umoja nyuma, bila mtu yeyote kuamua hivyo. Ukubwa wa herufi katika robo nne ni sauti, na sauti lazima ilingane, la sivyo umbo litasema jambo ambalo mwandishi hakulikusudia. Kwa hiyo ingia `Format Shape`, kisha `Text Options`, kisha `Text Box`, uchague `Do not Autofit`, na `Wrap text in shape` ibaki na alama. Sasa maneno yakizidi utayaona yamezidi, na itakubidi uhariri sentensi badala ya herufi.

Papo hapo kuna mahali pengine pa kuangalia. Kisanduku kilichochorwa kwa umbo la mstatili huweka maneno katikati ya kimo chake, kwa hiyo yakizidi humwagika juu na chini kwa pamoja, na jina la robo hupanda juu ya kichwa cha slaidi. Weka `Vertical alignment` iwe `Top` katika robo zote. Vifungu vya kwanza vitaanza kwenye mstari mmoja ulionyooka kutoka kushoto hadi kulia, na msomaji ataweza kulinganisha Nguvu ya kwanza na Udhaifu wa kwanza.

Wengine hukimbilia jedwali la safu mbili kwa mbili. Jedwali haliruhusu maneno kupandana, ni kweli, kwa sababu safu hurefuka kadiri maneno yanavyoongezeka. Ila safu ya juu ikirefuka huisukuma ya chini, na Vitisho hutoka nje ya ukingo wa slaidi. Kwenye kompyuta mtengenezaji anaviona bado, vimening'inia chini ya ukurasa. Ukutani havipo. Kati ya makosa mawili hayo, la jedwali ni baya zaidi, maana maneno yaliyopandana kila mtu huyaona, lakini tishio lililokatwa hakuna anayejua limekatwa.

Violezo vya kupakua navyo huja na duara katikati ya msalaba lenye herufi S, W, O na T. Linapendeza, lakini linakula pembe ya ndani ya kila robo, na pembe hiyo katika Nguvu ndipo unapoishia mstari wa mwisho. Liondoe. Majina ya robo yameshafanya kazi hiyo.

Hatari ya mwisho hutokea mtu anapohamisha faili. Slaidi imetengenezwa kwa kompyuta moja, ikafunguliwa saiba kwa nyingine isiyo na fonti ile. Fonti badala ikiwa pana zaidi, kifungu cha herufi 33 huvunjika. Vilevile mtu akibadilisha ukubwa wa slaidi kuwa ule wa zamani wa nne kwa tatu, upana hushuka hadi sentimita 25.4. Ukizibakisha herufi kwenye pointi 24, mstari hubeba herufi 24 tu badala ya 34, na karibu kila kifungu kitakuwa cha mistari miwili. Njia ya salama ni kuhifadhi nakala ya PDF na kuionyesha hiyo, kisha kuikagua ukurasa mzima kwenye skrini ya simu. Maneno yakisomeka pale bila kuvuta, na robo zote zikiwa na ukingo mtupu chini, slaidi imekaa sawa.

Slaidi ya pili

Baada ya vipimo hivyo viwili, cha "tu-" na cha herufi 34, slaidi ile inaweza kuandikwa hivi:

NGUVU
- Tuna meza nne karibu na feri
- Tunauza tangu saa 11 alfajiri
- Tuna daftari la mauzo tangu 2022

UDHAIFU
- Tunanunua unga kwa rejareja
- Tunagawana faida yote Ijumaa
- Mpishi wetu wa mahamri ni mmoja

FURSA
- Watu 300,000 huvuka kwa siku
- Mkopo wa Uwezo usio na riba

VITISHO
- Bei ya unga na mafuta kupanda
- Kaunti kuhamisha meza za lango
- Magari kuhamia Dongo Kundu

Vifungu vimebaki kumi na kimoja na kila kimoja kimeingia mstari mmoja. Safu ya juu yote ina "tu-" au "-etu". Safu ya chini haina hata moja. Mtu anaweza kufunika majina ya robo kwa karatasi na bado akajua kipi ni cha ndani na kipi ni cha nje, kwa kusoma mwanzo wa vitenzi. Vitisho vimeandikwa kwa "ku-", kupanda, kuhamisha, kuhamia, kwa kuwa kitenzi-jina hakidai kwamba jambo limekwisha kutokea. Hutaja kinachoweza kutokea na kukiacha wazi. Hiyo ndiyo hali halisi ya tishio.

Ufupi nao una mipaka yake. "Tunauza kuanzia saa kumi na moja" ni herufi 32 na kinaingia kwenye mstari, lakini Likoni kuna saa kumi na moja mbili, na ile ya jioni ina umati wake. Kifungu kifupi chenye maana mbili hakijafupishwa, kimeharibiwa. Tarakimu "11" iliokoa nafasi ya neno "alfajiri", na alfajiri ndiyo nguvu yenyewe, maana meza inayowahi feri za mapema inawapata wanaokwenda kazini kisiwani bila kifungua kinywa.

Vilevile tazama "huvuka". Slaidi ya kwanza iliwaita watu hao wateja. Hawajawa wateja, wana haraka, na wengi hawatasimama. Kitenzi kimewarudisha kwenye hali yao, na mjumbe wa kamati hatapata nafasi ya kuuliza kwa dharau kama kikundi kinauza mahamri 300,000.

Kifungu cha Dongo Kundu kilianza kikiwa "Foleni ya magari kuhamia Dongo Kundu", herufi 36. Kukipunguza kulilazimisha swali: foleni ni ya nani? Barabara ya Dongo Kundu inaunganisha upande wa Miritini na Changamwe na pwani ya kusini bila kupitia kivukoni. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 2018, na tangu 2024 magari yanaweza kwenda hadi barabara ya Likoni na Lunga Lunga. Muuzaji anayepita kati ya magari yaliyosimama foleni ataumia kwanza. Meza za kikundi hiki zinawahudumia waendao kwa miguu, ambao hawana haja na barabara ile. Kwa hiyo tishio ni la kweli lakini limewekwa la tatu, mwisho wa orodha, na likikosa nafasi ndilo la kwanza kufutwa. Mpangilio wa juu hadi chini ndani ya robo ni uzito. Slaidi ya kwanza haikuwa na uzito wowote. Ungeweza kuichanganya ovyo na isibadilike.

Vitisho pia huchakaa. Karakana na wauza vyakula wa Changamwe na Miritini waliotegemea malori wangeandika mwaka 2019 "Mizigo kuhamia reli ya SGR", na wangekuwa sahihi kabisa, kwa kuwa makontena yalikuwa yakiamriwa kupanda reli mpaka bandari ya nchi kavu na watu waliandamana Mombasa kupinga. Septemba 2022 serikali mpya ikaurudisha ukaguzi wa mizigo Mombasa. Kifungu kile kikibaki kwenye slaidi ya leo bila mwaka, kinaonyesha tu kwamba slaidi imenakiliwa. Andika tarehe ya slaidi kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo, nje ya robo.

Na Fursa ina vifungu viwili tu. Macho yanataka ulinganifu, na mkono unawashwa kuongeza cha tatu: "Teknolojia ya kisasa", "Utalii wa Pwani". Uzuie. Hivyo vinavyoongezwa kujaza ndivyo wachambuzi wa Uingereza Terry Hill na Roy Westbrook walivyovilalamikia katika makala yao ya 1997. Walikagua SWOT za makampuni yaliyokuwa yakisaidiwa na washauri, wakakuta orodha ndefu za maneno ya jumla, zisizo na uzito wala uthibitisho, na ambazo hakuna aliyezitumia katika hatua zilizofuata. Mstari mtupu katika robo ya Fursa unasema kwamba kikundi kimetafuta na kimeona mawili. Hiyo ni taarifa pia.

Panapokaribiana bila kupandana

Mtu makini ataniuliza: "Tunanunua unga kwa rejareja" na "Bei ya unga na mafuta kupanda" si jambo moja lililorudiwa? Yote mawili ni unga. Lakini la kwanza liko mikononi mwa kikundi na la pili haliko. Bei isipopanda, ununuzi wa rejareja bado unakula faida. Ununuzi ukiwa wa jumla, bei bado inaweza kupanda. Kila kimoja kinaweza kuwako bila mwenzake, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kupandana na kukaribiana. "Ukosefu wa mtaji" na "Ukosefu wa mtaji wa kutosha" havikuweza kutenganishwa hivyo.

Kukaribiana huku ndiko kunakoipa slaidi faida. Mwaka 1982 Heinz Weihrich alipendekeza robo zisomwe kwa jozi: udhaifu gani unakutana na tishio gani, nguvu gani inaifikia fursa gani. Katika slaidi ya pili jozi hiyo inaonekana upande wa kulia, juu na chini, unga na unga. Mahali kikundi kinapoweza kuumia zaidi ni pale bei inapopanda huku wakinunua kilo mbili mbili na hawana akiba kwa sababu Ijumaa waligawana yote. Kutoka hapo ombi la mkopo linabadilika. Slaidi ya kwanza iliomba jokofu, na ukitafuta ndani yake sababu ya jokofu huioni, maana mahamri huuzwa moto na huisha asubuhi. Slaidi ya pili inaelekea kwenye unga wa mifuko ya kilo 50, mahali pakavu pa kuuweka, na kanuni mpya ya Ijumaa ya kubakisha sehemu ya faida.

Lakini jozi hizo slaidi yenyewe haizisemi. Mistari yake miwili imeundwa kutenganisha, na hakuna alama ndani yake ya kusema "kwa hiyo". Wapo wanaochora mishale kutoka robo hadi robo, na mishale hiyo hupita juu ya maneno na kurudisha kupandana kule kule. "Kwa hiyo" iwe ya msemaji, au iwe slaidi inayofuata yenye sentensi tatu kamili: tunanunua nini, tunabadilisha nini, tutajuaje kwamba imefaa. Kamati ikisoma robo nne na kuuliza yenyewe kwa nini hamnunui unga kwa jumla, slaidi imefanya yote inayoweza kufanya. Ikiuliza jokofu ni la nini, rudini kwenye mstari wa mlalo.